Siku 30 za sarufi ya Kiingereza kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne: mpango wa kujisomea nyumbani

Mpango huu ni wa mwanafunzi wa Kidato cha Nne, au mtahiniwa wa kujitegemea, aliyebakiwa na mwezi mmoja kabla ya karatasi ya Kiingereza ya mwezi wa Novemba, na ambaye jioni anasoma peke yake bila ya mwalimu wa tuisheni. Unahusu sarufi tu, na ndani ya sarufi unashughulikia zaidi yale maswali yanayomtaka mtahiniwa aiandike upya sentensi kwa kufuata maelekezo, kwa sababu humo ndimo makosa yaleyale hujirudia kila mwaka, na ndimo mwezi mmoja unapoweza kubadilisha kitu. Insha, ufahamu na maswali ya fasihi yana namna yao ya kusomewa, nami sitayagusa hapa.

Nimefundisha Kiingereza Pemba kwa miaka mingi, na mpango wenyewe niliupanga kwa mara ya kwanza kwa ajili ya binti wa jirani yangu, Wete. Alikuja barazani kwetu siku moja baada ya alasiri akiwa na kitabu cha sarufi kilichochakaa kurasa 20 za mwanzo tu, huku kurasa nyingine zote zikiwa mpya. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba ameshakianza kitabu hicho mara tatu, na kila akianza huanza na majina, kisha viwakilishi, kisha vivumishi, mpaka achoke kabla hajafika kwenye vitenzi. Basi alikuwa amerudia mara tatu yale aliyokuwa akiyajua, na yale yasiyomkaa hajayafikia hata mara moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kukiweka kitabu pembeni kwa siku mbili.

Siku ya 1 na ya 2: kujipima kwa sentensi 40

Tafuta karatasi za mitihani iliyopita za somo namba 022, angalau za miaka minne au mitano. Skuli nyingi huwa nazo, na nyingine hupatikana kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, necta.go.tz. Hakikisha unachukua karatasi za Kidato cha Nne, kwani mtihani wa Kidato cha Pili kwa upande wetu husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na karatasi zake ni nyingine. Kwenye tovuti hiyohiyo ya NECTA kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, ambamo swali huelezwa lilitaka nini, watahiniwa walikosea wapi, na huonyeshwa mfano wa jibu zuri na wa jibu baya lililoandikwa na mtahiniwa. Kwa anayesoma peke yake taarifa hizo zinashika nafasi ya mwalimu, kwa sababu karatasi ya maswali peke yake haina majibu.

Kusanya sentensi 40 za kuandika upya kutoka kwenye karatasi hizo, zifanye 20 kwa siku bila ya kufungua kitabu, kisha zisahihishe kwa kutumia taarifa za uchambuzi, kitabu cha sarufi na kamusi. Usijipe alama na kufunga daftari. Kila sentensi uliyoikosea iandike kwenye daftari maalumu lenye safu tatu: safu ya kwanza ni sentensi ulivyoiandika wewe pamoja na kosa lake, safu ya pili ni sentensi sahihi, na safu ya tatu, ambayo ndiyo roho ya mpango huu, ni sentensi ya Kiswahili iliyokuwa kichwani mwako ulipokuwa unaandika.

Binti yule alipata sentensi 17 na akakosa 23. Tulipokaa kuzipanga, makosa 7 yalikuwa ya kuchanganya wakati uliopita na wakati timilifu, 6 ya usemi wa taarifa, 4 ya kauli ya kutendwa, 3 ya sentensi za masharti, 2 ya virejeshi, na 1 lilikuwa la tahajia tu. Lakini safu ya tatu ilitufunulia jambo ambalo alama hazikulisema: katika makosa 23, makosa 18 yalikuwa ni Kiswahili sahihi kabisa kilichovalishwa maneno ya Kiingereza. Hakuwa anabahatisha. Alikuwa anafuata sarufi, ila sarufi ya lugha nyingine, na kumwambia tu kwamba amekosea kusingemsaidia kujua ni wapi Kiswahili kinamvuta.

Siku moja ina dakika 90

Tenga dakika 90, siku sita kwa wiki, na Ijumaa ipumzishe au itumie kwa kusoma hadithi fupi tu. Dakika 10 za mwanzo zifiche safu ya pili ya daftari na uandike tena sentensi zilizokushinda siku zilizotangulia. Dakika 30 zinazofuata soma kanuni moja tu. Dakika 35 andika sentensi 15 hadi 20 za kanuni hiyo, na dakika 15 za mwisho sahihisha na ujaze safu tatu. Kama nyumbani kwenu msimu wa karafuu umeshaanza na jioni kila mtu amekaa ukumbini akichambua vikonyo, usijidanganye kwamba utasoma hapo. Baada ya sala ya alfajiri nyumba imetulia na mikono iko huru.

Siku ya 3 hadi ya 9: nyakati za vitenzi

Tunaanza na nyakati kwa sababu kauli ya kutendwa, usemi wa taarifa na sentensi za masharti zote zimejengwa juu yake, na asiyeweza kutofautisha "has taken" na "took" atakwama kote huko mbele.

Kiini cha tatizo letu ni kiambishi "-me-". Tunafundishwa kwamba "-me-" ni sawa na "has" au "have", na mara nyingi ni hivyo, lakini kuna mahali pawili ambapo usawa huo huvunjika. Mahali pa kwanza ni pale sentensi inapotaja wakati uliokwisha. Kiswahili cha mazungumzo kinaturuhusu kusema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka, ila Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday" hata kidogo, na lazima iwe "I saw him yesterday". Ukikuta "yesterday", "last week", neno "ago" au mwaka uliopita kama "in 2019", "have" haina nafasi. Ukikuta "already", "yet", "just" au "since", mara nyingi "have" ndiyo inayotakiwa.

Mahali pa pili hapagusiwi sana, na ndipo palipomponza binti yule mara tatu katika zile saba. Kwa Kiswahili "-me-" hueleza pia hali aliyonayo mtu sasa. Tukisema "mtoto amelala", tunamaanisha kwamba yumo usingizini. Tukisema "amevaa kanzu", kanzu iko mwilini. Mwanafunzi huandika "The baby has slept" na "He has worn a kanzu", na msahihishaji hushindwa kuelewa, kwa maana "The baby has slept" hudokeza kwamba mtoto amekwisha kulala na pengine ameamka. Kiingereza hapo husema "The baby is sleeping" na "He is wearing a kanzu". Vivyo hivyo "ameketi" ni "is sitting", na "amekasirika" ni "is angry". Jiulize kabla ya kuandika: je, hili ni jambo lililomalizika, au ni hali ninayoiona mbele yangu?

Na kinyume chake kipo. "Tunakaa Konde tangu 2015" ina "-na-", ikamfanya aandike "We are living in Konde since 2015". Neno "since" likitaja mwanzo wa jambo linaloendelea mpaka leo, kitenzi chake huwa na "have": "We have lived in Konde since 2015".

Siku ya 3 na ya 4 zitumie kwa sehemu hiyo ya "-me-". Siku ya 5 na ya 6 chukua wakati uliopita na ule uliotangulia uliopita, yaani "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, kwa sababu utauhitaji sana wiki ijayo. Siku ya 7 pitia herufi "s" inayoongezwa mwishoni mwa kitenzi cha sasa pale kiima kinapokuwa mtu mmoja au kitu kimoja kinachosemwa. Siku ya 8 na ya 9 changanya zote. Ikiwa Ijumaa imeingia katikati, sogeza kazi kwa siku moja, wala usijaribu kuzifanya mbili kwa pamoja.

Katika siku zote saba, jifunze vitenzi 10 vya maumbo matatu kila siku ya kazi, upate 60 kwa jumla, na uviandike kwa mkono badala ya kuvisoma kwa macho. Vile vinavyofanana ndivyo vya kuvitazama kwa karibu: "fall, fell, fallen" si "feel, felt, felt", na "bring" huwa "brought" ilhali "buy" huwa "bought".

Siku ya 10 hadi ya 13: kauli ya kutendwa

Katika Kiswahili kauli ya kutendwa ni herufi moja ndani ya kitenzi: "-vunja" huwa "-vunjwa", na kazi imekwisha. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hutaka kitenzi kimoja tu kifanye kazi yote na huandika "The plates broken by Juma", kumbe Kiingereza kinataka maneno mawili, la kwanza likibeba wakati na la pili likiwa umbo la tatu: "The plates were broken by Juma".

Fanya hivi. Mchukue mtendwa umlete mwanzoni. Tazama kitenzi cha asili kiko katika wakati gani, kisha uliweke umbo la "be" katika wakati huohuo. Fuatisha umbo la tatu la kitenzi. Mwisho mlete mtendaji kwa "by", na kama mtendaji ni "they", "people" au "someone" asiyejulikana, mwache kabisa, isipokuwa maelekezo yamemtaka.

Njia nzuri ya kujisahihisha bila ya mwalimu ni kuhesabu maneno ya kitenzi. Kauli ya kutendwa daima huongeza neno moja juu ya kauli ya kutenda. "Broke" ni neno moja, "were broken" ni mawili. "Has sold" ni mawili, "has been sold" ni matatu. "Are building" ni mawili, "is being built" ni matatu. Ukihesabu ukakuta idadi haijaongezeka, umeacha kitu, na mara nyingi ulichokiacha ni "been" au "being". Njia hii ina mpaka wake: katika maswali na makanusho yenye "do", "does" au "did", neno hilo huondoka, na hesabu haitaongezeka. "Did Juma break the plates?" huwa "Were the plates broken by Juma?", mawili kwa mawili.

Kuna na mtego wa "na". Tunasema "sahani zilivunjwa na Juma" na pia "nilikwenda na Juma", hivyo wengine huandika "broken with Juma". Mtendaji daima ni "by". Chombo kilichotumika, ambacho kwa Kiswahili hutanguliwa na "kwa", ndicho huwa "with": "The snake was killed by Juma with a stick".

Siku ya 14 hadi ya 18: usemi wa taarifa

Hapa ndipo pagumu kuliko kote, na sababu ni moja ambayo haielezwi ipasavyo: Kiswahili hakirudishi nyuma wakati wa maneno yanayoripotiwa. Asha akisema "Nimepoteza kitabu changu", kesho yake tutasema "Asha alisema kwamba amepoteza kitabu chake". Kiwakilishi cha mtu kimebadilika, lakini "-me-" imebaki palepale. Kwa Kiingereza, kitendo cha kusema kikiwa kimepita, kitenzi cha ndani nacho hurudi hatua moja nyuma: "Asha said that she had lost her book". Binti yule aliandika "Asha said that she has lost her book", na safu yake ya tatu ilimwonyesha "amepoteza" wazi kabisa.

Hatua za kurudi nyuma si nyingi. Wakati wa sasa huwa uliopita, "has" na "have" huwa "had", uliopita huwa "had" na umbo la tatu, "will" huwa "would", "can" huwa "could", na "must" mara nyingi huwa "had to". Kilichokwisha kuwa na "had" hakina pa kurudi, hubaki hivyohivyo. Vilevile hakuna kurudi nyuma ikiwa kitenzi cha kusema kiko katika wakati wa sasa, kama "Asha says that she has lost her book", na ukweli wa kudumu unaweza kubaki ulivyo: "The teacher said that the earth moves round the sun".

Maswali ndiyo yaliyomtesa zaidi. Tuichukue sentensi moja tuifuatilie mpaka mwisho kama tulivyofanya siku ile barazani:

The teacher asked me, "Where did you buy this pen yesterday?"

Jibu lake la kwanza lilikuwa "The teacher asked me that where did I bought this pen yesterday". Nilimwomba asilifute, tukalitazama neno kwa neno. "That" ilitoka kwenye "kwamba", lakini panapokuwa na neno la kuulizia kama "where" hapahitajiwi kiungo kingine, kwani "where" lenyewe ndilo kiungo. "Did" ni alama ya swali, na sentensi mpya si swali tena bali ni taarifa kuhusu swali, hivyo "did" na alama ya kuuliza huondoka, na kiima hurudi mbele ya kitenzi kama katika sentensi ya kawaida. "You" ni mimi niliyeulizwa, kwa hiyo ni "I", na hilo alilipata. "Did buy" ni wakati uliopita, kurudi hatua moja ni "had bought". "This" huwa "that", na "yesterday" huwa "the day before", kwa sababu anayesimulia hayupo tena siku ile. Tukaandika:

The teacher asked me where I had bought that pen the day before.

Swali lisilo na neno la kuulizia, linalojibiwa kwa ndiyo au hapana, huungwa kwa "if" au "whether": "He asked me whether I knew Swahili". Amri haina shida kubwa, ukiondoa kukumbuka "to": "She told us to sit down", na kwa kukataza "She told us not to shout".

Ili kujisahihisha, igeuze sentensi yako irudi ilikotoka. Funika swali, soma jibu lako peke yake, na kutokana na jibu hilo andika maneno halisi ya msemaji. Ukipata sentensi ileile ya mwanzo, au inayokaribiana nayo sana, jibu lako limesimama. Ukipata jambo jingine, kwa mfano ukakuta huwezi kujua kitabu kilikuwa cha Asha au chako, basi umepoteza kiwakilishi njiani. Njia hii hufaa pia kwa kauli ya kutendwa. Haitakuonyesha kila kosa la umbo la kitenzi, ndiyo maana orodha ya vitenzi 60 iwe karibu, lakini makosa ya maana itayafichua.

Siku ya 14 fanya kauli za kawaida tu, ya 15 na ya 16 maswali tu, ya 17 amri na maombi, ya 18 mchanganyiko. Usiyafupishe maswali kuwa siku moja.

Siku ya 19 hadi ya 23: masharti, virejeshi na viunganishi

Sentensi za masharti Kiswahili kinatusaidia kuzielewa, kisha kinatuponza tunapoziandika. Viambishi vyetu vitatu vinalingana vizuri na aina tatu za Kiingereza: "akija nitamwambia" ni "If he comes, I will tell him", "ningekuwa na pesa ningenunua baiskeli" ni "If I had money, I would buy a bicycle", na "angelikuja ningelimwambia" ni "If he had come, I would have told him". Kosa linatokana na kwamba "-nge-" na "-ngeli-" hukaa pande zote mbili za sentensi, na mwanafunzi huandika "If I would have money, I would buy". Weka kanuni hii juu ya ukurasa: katika sentensi hizi, "will" na "would" hukaa upande usio na "if". Na "unless" tayari ina ukanusho ndani yake kama "usipo-", hivyo "If you do not hurry" huwa "Unless you hurry", bila ya "not".

Virejeshi vina kosa moja kubwa, nalo huonekana ukiitazama sentensi yetu kwa karibu. Katika "mtu niliyemwona" kuna "-ye-" inayorejesha na pia "-mw-" inayomtaja mtendwa, yaani mtu yuleyule ametajwa mara mbili ndani ya kitenzi kimoja. Ndipo huja "The man whom I saw him". Kiingereza humtaja mara moja: "The man whom I saw". "Kitabu nilichokinunua" nacho huzaa "The book which I bought it", na "it" hiyo haitakiwi. Kosa hilohilo limejificha kwenye "too" na "to". "The box is so heavy that she cannot lift it" ikigeuzwa huwa "The box is too heavy for her to lift", bila ya "it" mwishoni, ingawa sisi tunasema "kuliinua" na ile "-li-" inatusukuma tuiandike.

Kwa viunganishi, yapange majozi yake na uyahifadhi. "Although" haifuatwi na "but", ijapokuwa kwetu "ingawa" huandamana na "lakini" bila ya tatizo. "No sooner" huenda na "than", "hardly" huenda na "when", na zote mbili zikianza sentensi huleta "had" kabla ya kiima: "No sooner had the bell rung than the pupils ran out". "Despite" hufuatwa na jina au kitenzi chenye "-ing", si sentensi kamili. Hayo yanatosha kwa siku mbili, kwa kuwa ni mambo ya kuhifadhi zaidi kuliko ya kufikiri.

Siku ya 24 hadi ya 30: kufanya kwa saa

Sasa acha kugawa mada. Kila siku chukua maswali ya sarufi kutoka karatasi ya mwaka ambao hukuutumia mwanzoni, yafanye kwa dakika 40, na urudie yaliyokushinda kutoka kwenye daftari. Hapa hujifunza jambo jipya: kutambua ni kanuni gani inayotakiwa bila ya kuambiwa. Kabla ya kuandika, andika pembeni kwa penseli neno moja la Kiswahili, "kutendwa", "taarifa", "sharti", kisha ndipo ujibu. Soma maelekezo mara mbili. Yakisema uanze na "If", anza na "If", na usibadilishe wakati, mtu wala maana ambayo hukuombwa ubadilishe. Sentensi sahihi isiyofuata maelekezo haikuletei alama uliyoifanyia kazi.

Kama una mwenzako, badilishaneni madaftari mara mbili katika wiki hii. Jicho la mwenzako hukamata "s" iliyoachwa ambayo jicho lako limeshaizoea.

Siku ya 28 rudia zile sentensi 40 za mwanzo, bila ya kufungua daftari. Binti yule alipata 33. Makosa 7 yaliyobaki tuliyapanga tena kama mwanzo, na manne yalikuwa ni maswali katika usemi wa taarifa, yote yakiwa na "did" iliyosahaulika kuondolewa. Siku ya 29 hakufungua kitabu chochote. Aliandika maswali 20 yenye "did", moja baada ya jingine, akayageuza yote, kisha akayarudisha yalikotoka. La 6 na la 11 yalimkataa, akayaandika upya. Siku ya 30 alisoma safu ya tatu ya daftari lake tangu ukurasa wa kwanza, kwa muda wa nusu saa, akachonga penseli mbili, akalala mapema.